Neno la mjusi lilitangulia

Kinyonga hatembei kama wanyama wengine. Anainua mguu, anayumba mbele na nyuma, anautua, kisha anafikiri upya. Wazulu wa Afrika Kusini walimtazama akienda hivyo, wakasema: huyu ndiye aliyetuletea kifo.

Masimulizi yao yaliandikwa kwa Kizulu na mmishenari Henry Callaway huko Natali, katika kitabu kilichotoka kati ya 1868 na 1870. Wasimulizi walikuwa Wazulu wenyewe. Unkulunkulu, aliye asili ya watu, alimtuma kinyonga akawaambie watu wasife. Kinyonga akashika njia. Akakuta kichaka chenye matunda madogo, akasimama kula. Wengine husimulia kwamba alipanda mti aote jua, akashiba nzi, akalala.

Huko nyuma Unkulunkulu akamtuma mjusi na neno jingine: watu wafe. Mjusi akatimua mbio, akampita mwenzake, akafika, akasema alichotumwa, akarudi. Baadaye sana kinyonga akatokea akipaza sauti kwamba watu wasife. Wakamjibu kuwa wameshalipokea neno la mjusi.

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki, nasi huwa tunapapita haraka kwa kumlaumu kinyonga. Mjusi hakusema uongo. Wote wawili walitumwa na mmoja, na kila mmoja alifikisha neno lake kama alivyopewa. Kwa nini basi la pili lisilitangue la kwanza? Kwa sababu watu walikwisha kulipokea. Kwa wasimulizi hawa, neno la mkubwa likishatamkwa na kupokewa, limefunga, halirudi kinywani. Kuchelewa kwa kinyonga kungekuwa kosa dogo tu, lau si uzito huo wa neno.

Wakamba wa Kenya wana kisa cha jamii hiyo hiyo, ila kwao kinyonga alifika kwa wakati. Kilichomponza ni ulimi. Alianza kusema, akababaika, akarudia maneno yale yale ya mwanzo, na ndege aliyefuatana naye akamkatiza kwa kutangaza kwamba watu watakufa. Ucheleweshaji umehama kutoka miguuni hadi mdomoni. Wakhoikhoi nao wana sungura, aliyetumwa na Mwezi kusema kwamba watu watakufa na kufufuka kama Mwezi wenyewe, akaupindua ujumbe. Mwezi ukampiga, mdomo ukapasuka. Hicho nakiweka kando: kosa lake si uzito wa miguu, ni kuharibu ujumbe.

Mwaka 1951 Msweden Hans Abrahamsson alichapisha utafiti mzima juu ya visa vya Afrika vya chanzo cha kifo, na kisa cha wajumbe wawili kimeenea sana miongoni mwa Wabantu. Kinyonga analipa deni hilo hadi leo, maana sehemu nyingi watu humwogopa na hata kumuua wakimwona. Ukimkuta njiani, mwache apite. Kwa kisa chenyewe, yeye ndiye aliyebeba neno la uzima.