Chama Kimoja au Vingi: Mjadala wa Usiku wa Kuamkia Mtihani

Usiku wa kuamkia mtihani, wanafunzi wawili wa kidato cha sita wanajibizana bwenini kuhusu vyama vya siasa Tanzania. Mtetezi wa chama kimoja anataja uchaguzi wa 1965: Bara ilikuwa na TANU pekee, lakini majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, na baadhi ya mawaziri walibwagwa. Mwenzake anamjibu kwamba mpigakura aliweza kumng'oa mbunge, si chama; kwenye urais jina lilikuwa moja, la ndiyo au hapana. Hoja hii ndiyo nzito zaidi. Wa kwanza anakimbilia Tume ya Nyalali: takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Ni kweli, ila tume yenyewe ilipendekeza vyama vingi, na katiba ikabadilishwa 1992.