Ujumbe wa Vitisho kutoka Programu ya Mkopo: Upime kwa Masharti Yake Yenyewe

Mtu anayepokea ujumbe usemao "tutawapigia ndugu zako wote" aghalabu hufanya moja kati ya mambo mawili: hukopa kwingine ili alipe papo hapo, au huifuta programu hiyo kwenye simu na kunyamaza. Tunashauri asifanye lolote kati ya hayo kabla ya kufungua vigezo na masharti aliyoyakubali siku alipokopa. Mara nyingi ujumbe huahidi jambo ambalo masharti ya mkopeshaji mwenyewe hayaruhusu, na tofauti hiyo ndiyo msingi wa lalamiko la mkopaji.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa Ngerengere, mkoani Morogoro, aliyekopa kwa simu shilingi 100,000 za kulipwa baada ya siku 14. Siku ya 12 anapokea ujumbe huu: "Mkopo wako unaisha kesho kutwa. Usipolipa leo kabla ya saa 10 jioni, tutapiga namba zote zilizomo kwenye simu yako na kuwaambia ndugu zako kuwa wewe ni tapeli." Katika simu hiyo imo namba ya mjomba wake aliyeko milimani Uluguru. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, neno la mjomba lina uzito mkubwa, na aibu mbele yake si jambo dogo. Hapo ndipo kitisho kinapopata nguvu.

Sasa afungue masharti. Sehemu mbili zinamhusu. Ya kwanza, katika sera ya faragha, inasema: "Kampuni itasoma orodha ya namba za mkopaji kwa ajili ya kuthibitisha utambulisho wake." Ya pili, chini ya marejesho, inasema: "Mkopaji akichelewa kulipa kwa zaidi ya siku 3 na asipatikane kwa simu, Kampuni inaweza kuwasiliana na watu wawili aliowataja, ili wasaidie kumpata." Tunapendekeza aupime ujumbe kwa maswali matatu: lini, nani na nini.

Lini? Masharti yanaruhusu kuwasiliana na watu wengine baada ya siku 3 za kuchelewa, tena ikiwa mkopaji hapatikani. Ujumbe umefika siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho, na umetumwa kwa mtu ambaye simu yake i hewani. Saa 10 jioni ya siku ya 12 haimo popote katika mkataba.

Nani? Masharti yanataja watu wawili waliotajwa na mkopaji. Ujumbe unataja namba zote. Mjomba hakutajwa, namba yake ilichukuliwa tu kutoka katika orodha. Ruhusa ya kusoma orodha ilitolewa kwa kazi ya kuthibitisha utambulisho, na kazi hiyo ilimalizika mkopo ulipotolewa. Hata wale wawili si wadhamini. Mdhamini ni mtu aliyekubali mwenyewe kulipa deni mkopaji akishindwa. Mtu ambaye jina lake liliandikwa tu kama wa karibu hadaiwi chochote.

Nini? Masharti yanaruhusu kuomba msaada wa kumpata mkopaji. Hayaruhusu kutangaza deni lake, sembuse kumwita tapeli. Kuchelewa kulipa si utapeli, na katika mfano wetu mkopaji hata hajachelewa.

Huenda msomaji akauliza: je, masharti yakisema wazi kwamba kampuni inaweza kumpigia mtu yeyote aliyemo kwenye simu? Hapo masharti hayatoshi kuwa kinga ya mkopeshaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo lililo wazi na zitumike kwa lengo hilo. Namba ya mjomba ni taarifa ya mjomba, na mkopaji hawezi kutoa ridhaa kwa niaba yake. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, inakataza kutuma ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha au kumsumbua mtu. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Jambo hili limekwisha kuamuliwa kwa jirani zetu. Mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma ujumbe na kupiga simu za vitisho.

Baada ya kuupima ujumbe, hifadhi ushahidi kabla ya kugusa programu. Piga picha za skrini zinazoonyesha ujumbe, namba iliyoutuma, tarehe na saa. Kisha piga picha za masharti, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na kiasi cha mkopo na tarehe ya mwisho. Ukiifuta programu mapema, unaweza kupoteza masharti hayo, na mkopeshaji anaweza kuyabadilisha baadaye. Ukishahifadhi, ingia kwenye mipangilio ya simu, chagua programu hiyo, na uondoe ruhusa ya kusoma namba. Hatua hii huzuia usomaji mpya tu. Orodha iliyokwisha kunakiliwa hairudi.

Halafu mwandikie mkopeshaji kwa ufupi: "Tarehe ya mwisho ya mkopo wangu haijafika. Masharti yenu yanaruhusu kuwasiliana na watu wawili niliowataja, baada ya siku 3 za kuchelewa na nisipopatikana. Ujumbe wenu unakiuka masharti hayo. Nitalipa kwa mujibu wa mkataba." Usijibu matusi kwa matusi, kwani maneno yako nayo yatakuwa ushahidi.

Chunguza pia kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mwenye leseni hulalamikiwa Benki Kuu, na asiye nayo aripotiwe huko huko. Matumizi mabaya ya namba hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na vitisho vyenyewe hupelekwa kituo cha polisi kilicho karibu. Ndugu aliyepigiwa simu naye anaweza kulalamika kwa jina lake, kwa kuwa namba iliyotumika ni yake.

Yote haya hayafuti deni. Mama lishe wetu bado anapaswa kulipa siku ya 14, kwa njia iliyotajwa katika mkataba na si kwa namba binafsi ya aliyemtumia ujumbe, na atunze uthibitisho wa malipo. Akiona hataweza, aombe muda kwa maandishi kabla ya siku hiyo. Na kama anahofia kwamba simu itapigwa kweli, amtangulie mkopeshaji: amweleze mjomba mapema kiasi anachodaiwa, siku ya kulipa, na kwamba hapaswi kumtumia mtu yeyote fedha.