Swali la watoto katika posa: lini ni mapema mno?

Msimu wa minada ya korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, barua za posa nazo huanza kupita kati ya Lulindi, Masasi na Newala. Fedha ikishaingia mkononi, kijana hutaka mambo yaishe kabla haijatoka. Katika haraka hiyo kuna swali moja ambalo sisi wa kamati ya msikiti tumeliona likiharibika kwa njia mbili: ama huulizwa siku ya tatu ya kufahamiana, ama haliulizwi kabisa mpaka mahari imekwisha kupokewa. Nalo ni swali la watoto: je, mwenzangu anawataka, anawataka lini, na je, kuna jambo analolijua ambalo linagusa kizazi chake?

Wapo wazee wanaosema kwamba mwenye haya haulizi hilo kabla ya nikaha, kwa kuwa mtoto ni riziki ya Mwenyezi Mungu. Riziki kweli ni Yake, lakini kuuliza si kumpangia. Abu Daud na An-Nasai wamepokea kutoka kwa Maaqil bin Yasar (r.a.) habari za mtu aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka ushauri juu ya mwanamke mwenye nasaba na uzuri, ambaye alijulikana kuwa hazai. Maulamaa wana maneno mengi juu ya jibu alilopewa, wala halimharamishii mwanamke huyo ndoa. Tunachokishika hapa ni wakati wa swali lenyewe: liliulizwa kabla ya ndoa, mbele ya mtu wa kuaminiwa, wala muulizaji hakukaripiwa kwa kuliuliza.

Basi mapema mno ni lini? Tutaeleza kwa kisa kimoja, ambacho wenyewe wameturuhusu kukisimulia bila majina wala mtaa.

Kijana wa miaka 28, mkulima wa korosho, alipewa habari za binti na shangazi yake. Nambari ya simu ilipatikana, salamu zikaenda na kurudi. Katika wiki ya kwanza, usiku, akamwandikia ujumbe: utanizalia wangapi? Binti hakujibu. Siku tatu zikapita, kijana akamwambia shangazi yake kwamba yule ana kiburi, afadhali watafute kwingine.

Hakikuwa kiburi. Miaka miwili nyuma binti huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe katika kizazi. Daktari alimweleza kwamba kizazi kipo na mimba inawezekana, ila huenda ikachelewa, na huenda akahitaji kujifungua kwa upasuaji. Sasa amjibu nini mtu asiyemjua, kwa maandishi yanayoweza kuonyeshwa kwa marafiki? Akisema ukweli na posa isije, siri yake itakuwa imefika sokoni. Akisema “watano, inshaallah”, atakuwa ameanza ndoa kwa kuficha. Kunyamaza ndiko kulikokuwa salama kwake.

Hapo ndipo tunapoona mpaka. Swali ni la mapema mno pale ambapo anayeulizwa hawezi kulijibu kwa ukweli bila ya kujihatarisha. Ikiwa wakubwa wa pande mbili hawajajua nia, ikiwa hamjaulizana habari za dini, kazi na tabia, na ikiwa hakuna mtu wa kulinda amana ya maneno, basi swali halijapata mahali pa kukaa. Dalili yake ni rahisi kuiona: mwenzako hubadilisha mazungumzo, hucheka tu, au hunyamaza. Hiyo si ruhusa ya kumbana, wala si ushahidi wa kumhukumu. Na swali la “wangapi” lina ubaya wake wa ziada, kwa kuwa humfanya binti aonekane kama shamba linalokadiriwa mavuno kabla ya kupimwa mipaka.

Shangazi, Allah amjaalie kheri, alikuwa na akili kuliko mpwa wake. Alimwambia apeleke barua kwanza. Mshenga akaenda, akapokewa na mjomba wa binti. Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji wa watoto wa dada yake. Kisheria walii ni baba, na nasaba ya mtoto ni ya baba yake, kwa hiyo posa ya Lulindi ina milango miwili na yote hubishwa hodi. Jambo hili linaligusa swali letu moja kwa moja. Anayesema “nataka watoto” huku kwetu hujikuta akiulizwa pia watalelewa upande gani, na nani atakuwa na neno la mwisho juu ya madrasa, jando na unyago.

Mkutano wa kwanza ulikuwa wa kutazamana, baba na mjomba wakiwapo. Watoto hawakutajwa. Katika mkutano wa pili kijana alisema yake kwanza, na hilo ndilo lililofungua mlango: kwamba anatamani mtoto mapema kwa sababu mama yake ni mzee, na kwamba angependa kusikia mwenzake anatamani nini. Binti akaomba jibu lake lipitie kwa somo wake. Somo akaenda kwa shangazi, akamweleza habari za upasuaji kama zilivyo, na shangazi akamfikishia kijana peke yake.

Kuna tofauti hapa ambayo wengi huichanganya. Tamanio, yaani kutaka watoto mapema au kungoja amalize chuo, laweza kusubiri mkutano wa pili au wa tatu, na laweza kubadilika. Habari inayojulikana, kama vile utasa uliothibitishwa na daktari, au mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwingine, haina ruhusa ya kuvuka siku ya mahari. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimwuliza mtu aliyeoa hali ya kuwa hazai: je, ulimwambia? Aliposema hapana, akamwamuru aende akamwambie mkewe, kisha ampe hiari. Tuangalie kwamba aliyeamrishwa kusema alikuwa mwanamume. Utasa huwa upande wa mume pia, na si kwa nadra, lakini katika posa zetu ni binti peke yake anayedadisiwa.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mahari ikishapokewa na siku kutangazwa, anayejitoa hubeba aibu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia ya hasara mahakamani, na zawadi nazo huweza kudaiwa. Kabla ya hapo, mtu husema “hatukuafikiana” na mlango hufungwa kwa heshima.

Kijana aliomba Ijumaa mbili za kufikiri na kuswali istikhara. Katika siku hizo alimwuliza shangazi mambo mawili tu: kama daktari alisema haiwezekani, na kama binti mwenyewe anataka. Alipojibiwa kwamba daktari hakusema hivyo, na kwamba binti anataka sana, akamrudisha mshenga. Mjomba akataka ithibatishwe mbele ya wazee kwamba mtoto akichelewa, mpwa wake hatasimangwa wala kuletewa mke mwenza kwa sababu hiyo kabla ya wote wawili kupimwa. Baba wa kijana akakubali. Mahari ikatolewa baada ya mnada wa tatu, na nikaha ikafungwa msikitini kwetu baada ya swala ya alasiri.