Tangazo la sekunde 30: kukata, kunoa na kumalizia

Skripti ya tangazo la redio hupimwa kwa saa kabla ya kupimwa kwa uzuri. Mtangazaji anayesoma Kiswahili kwa mwendo wa kueleweka hutamka takriban maneno mawili kwa sekunde, kwa sababu maneno ya Kiswahili ni marefu na kila silabi hutamkwa. Tangazo la sekunde 30 basi lina nafasi ya maneno 60 hivi, na kituo kikiweka kibwagizo cha sekunde tatu mwanzoni, maneno sita yamekwenda. Skripti nyingi dhaifu si mbaya kwa lugha. Zimebeba mzigo wa dakika nzima na kulazimishwa kupita katika nusu dakika, mtangazaji akaishia kukimbia na msikilizaji akabaki na kelele.

Mfano wa kufanyia kazi ni skripti ya duka la pembejeo linalouza mifuko ya kuhifadhia mahindi. Imetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini atakayesikiliza redio ya mkoani asubuhi moja atazitambua sentensi zake karibu zote:

"Habari njema! Habari njema! Habari njema kwa wakulima wote na wananchi kwa ujumla! Je, umekuwa ukisumbuliwa na tatizo la wadudu waharibifu wa nafaka kwa muda mrefu? Sasa suluhisho la kudumu limepatikana! Duka letu la pembejeo linawaletea mifuko ya kisasa ya kuhifadhia nafaka, yenye tabaka tatu, ubora wa hali ya juu na bei nafuu kabisa. Pia tunauza mbegu, mbolea, dawa za mifugo na vifaa vyote vya kilimo. Huduma zetu ni za haraka na za uhakika. Wote mnakaribishwa! Tunapatikana mkabala na lango kuu la soko. Kwa mawasiliano zaidi piga simu namba… au namba… au tutembelee kwenye mitandao ya kijamii. Usikose! Karibuni sana!"

Hayo ni maneno 100, na namba za simu bado hazijasomwa. Namba ya tarakimu kumi ni maneno kumi, kwa kuwa kila tarakimu hutamkwa peke yake. Namba mbili zinafikisha jumla kuwa 120, yaani sekunde 60. Neno "mifuko" lenyewe ni la 37: kwa mwendo wa kawaida zinapita sekunde 18 kabla msikilizaji hajajua kinachouzwa.

Kazi ya kwanza ni kuondoa maneno ya kujazia. Kipimo chake ni rahisi: sentensi inahamishiwa kwenye tangazo la biashara nyingine kabisa, na ikikaa vizuri huko, haina kazi hapa. "Ubora wa hali ya juu na bei nafuu kabisa" inafaa kwa magodoro, kwa saruji na kwa shule ya udereva. "Huduma zetu ni za haraka na za uhakika" inafaa kwa yeyote mwenye mlango wa kufungua asubuhi. "Habari njema" mara tatu haielezi habari yenyewe, na "wote mnakaribishwa" haimkaribishi mtu, maana hakuna duka linalotangaza kwamba wengine hawakaribishwi.

Orodha ya mbegu, mbolea na dawa za mifugo ni ngumu zaidi kuikata, kwa sababu mwenye duka ndiye anayeilipia na angependa kila rafu yake isikike. Lakini kila bidhaa inayoongezwa inapunguza nafasi ya kukumbukwa kwa zile nyingine. Mwenye mbolea nyingi ghalani anahitaji tangazo la mbolea, lirushwe kabla ya msimu wa kupanda. Kuichomeka mbolea ndani ya tangazo la mifuko, wakati wa mavuno, ni kuipotezea nafasi mifuko bila kuiuza mbolea.

Mkataji naye hana budi kuwa na mipaka. Si kila neno linalojirudia ni la kujazia. Wasikilizaji wengi hulikuta tangazo katikati, wakiwa jikoni au kwenye daladala, hivyo jina la bidhaa likitajwa mwanzoni tu, aliyechelewa kidogo amelikosa. Kurudia "mfuko wa tabaka tatu" kunamsaidia huyo. Kurudia "habari njema" hakumsaidii mtu.

Baada ya kukata, skripti ya mfano inabaki na vitu vitatu tu: wadudu, mifuko ya tabaka tatu, na duka mkabala na lango la soko. Ni chache, na hapo ndipo udhaifu mkubwa zaidi unapojitokeza, kwa kuwa faida ya mnunuzi haimo. "Tabaka tatu" ni sifa ya mfuko. Mkulima hanunui tabaka.

Kuifikia faida kunahitaji kuuliza "ili iweje?" mpaka jibu limguse mtu. Mfuko una tabaka tatu ili iweje? Ili hewa isipite: mifuko miwili ya plastiki hukaa ndani ya kiroba cha kawaida, na kila mmoja hufungwa kwa nafasi yake. Hewa isipopita iweje? Wadudu walioingia pamoja na mahindi huitumia oksijeni iliyobaki ndani, ikipungua huacha kula, na hatimaye hufa. Wakifa iweje? Mahindi yaliyovunwa Juni yanafika Januari yakiwa mazima, tena bila kuchanganywa na dawa ya wadudu. Yakifika mazima iweje? Mwenye nayo anauza wakati ghala za wengine zimepungua na bei imepanda.

Hapo inafaa kusimama. Ukiuliza mara moja zaidi utapata ada za watoto, nyumba ya bati na maisha bora, na ahadi hizo hutolewa pia na benki, kampuni za bima na wauza mbegu. Faida kali ni ile ya mwisho ambayo bidhaa hii bado inaweza kuiita yake. Ikivuka hapo inakuwa tamu zaidi na dhaifu zaidi kwa pamoja.

Kunoa ni pia kubadili maneno mapana yawe yale yanayotumiwa shambani. "Wadudu waharibifu wa nafaka" ni lugha ya kijitabu cha semina. Mkulima wa mahindi anamwita dumuzi kwa jina, na anamfahamu kwa unga anaouacha chini ya gunia. Picha hiyo ya unga inafanya kazi ya sentensi nzima ya "umekuwa ukisumbuliwa na tatizo". Halafu kuna swali la nani anaambiwa. Anayehifadhi ili auze anasikia neno "bei", anayehifadhi ili familia ile anasikia neno "bila dawa". Yote mawili yanaweza kuingia ikiwa moja linapita kwa haraka, lakini sentensi yenye uzito lazima iwe ya mmoja. Katika mfano huu amechaguliwa muuzaji.

"Suluhisho la kudumu" linaondoka kwa sababu nyingine: si kweli. Mfuko uliotoboka unaingiza hewa, na mahindi mabichi yakifungiwa humo yanaota ukungu. Wakulima hupima ukavu kwa kutia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, kutikisa na kuacha zitulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yarudi juani. Tangazo halina nafasi ya maelezo hayo, na muuzaji dukani anaweza kuyatoa. Lakini maneno matatu, "kausha mahindi vizuri", hayakatwi hata skripti ikibanwa vipi, kwa kuwa mteja ambaye hakuambiwa atarudi na gunia lililooza, na atawasimulia majirani.

Mwisho ndio sehemu inayoachwa ovyo zaidi. Skripti ya mfano inamfungulia msikilizaji milango minne: aje dukani, apige namba ya kwanza, apige ya pili, au aingie mitandaoni. Aliye na jembe au usukani mkononi hana kalamu, na akipewa njia nne bila kuambiwa ipi ni yake huwa hachukui hata moja. "Usikose" inaamuru bila kusema asikose nini wala lini. Mwisho ulio sawa una tendo moja, mahali panapokumbukika bila kuandikwa, na wakati unaotoka kwenye kalenda ya msikilizaji mwenyewe. Kwa mkulima, "wahi sasa" haina tarehe, ila "kabla hujapukuchua" ina tarehe anayoijua bila kuambiwa.

Skripti baada ya kazi hiyo inasomeka hivi:

"Mahindi uliyovuna Juni, ukifungua gunia Januari unakuta unga wa dumuzi? Yafunge kwenye mfuko wa tabaka tatu. Hewa haiingii, dumuzi wanakufa humo humo, bila dawa. Kausha mahindi vizuri, jaza, funga kila tabaka peke yake. Januari bei ikipanda, unauza mahindi mazima. Kabla hujapukuchua, pita duka la pembejeo mkabala na lango kuu la soko. Omba mfuko wa tabaka tatu."

Ni maneno 56, sekunde 28, na mbili zinazobaki ni za mtangazaji kuvuta pumzi baada ya swali la kwanza. Maneno ya mwisho ni yale yale ambayo mteja atayatamka mbele ya kaunta. Namba ya simu imeondoka kwa sababu duka lina mahali panapojulikana. Muuzaji asiye na mahali pa namna hiyo hana budi kutaja namba, na hapo achague moja, isomwe mara mbili kwa mafungu ya tarakimu tatu au nne. Itamla maneno 20 kati ya 60, kwa hiyo sehemu nyingine zote ziandikwe upya kwa maneno 40. Kuipachika mwishoni na kutumaini mtangazaji ataharakisha ndiko kunakozaa matangazo yasiyoeleweka.

Kilichobaki ni kuisoma kwa sauti, saa ikiwa mkononi, mbele ya mtu ambaye hajaiona na ana shughuli nyingine. Baada ya dakika chache za mazungumzo mengine anaulizwa kinachouzwa, kinamfaa nini, na kinapatikana wapi. Akikosa la kwanza, bidhaa imechelewa kutajwa au haikurudiwa. Akijibu la pili kwa kusema "ni mizuri", faida bado ni butu. Akikosa la tatu, mwisho una vitu vingi mno. Na skripti hii, hata ikipita majaribio yote, ni ya wakati wa mavuno tu. Ikirushwa Oktoba, mahindi yakiwa yamekwisha kupukuchuliwa na kuwekwa ghalani, "kabla hujapukuchua" inakuwa nayo maneno ya kujazia, na mwisho huo unahitaji kuandikwa upya.