Kabla ya Kuhesabu Faida, Rekebisha Gharama

Mtu ananunua nyumba mjini Pune, India, Januari 2005, kwa rupia 1,000,000. Mwaka 2012 anaongeza ghorofa moja juu kwa rupia 600,000. Novemba 2024 anaiuza kwa rupia 5,500,000. Amepata faida kiasi gani?

Jibu la haraka ni rupia 3,900,000, yaani bei ya kuuzia ukitoa 1,600,000 alizotumia. Lakini rupia ya 2005 na rupia ya 2024 zina jina moja tu. Nguvu zao sokoni ni mbili tofauti. Sehemu ya hizo 3,900,000 ni utajiri mpya, na sehemu nyingine ni mfumuko wa bei uliopitia ndani ya nyumba. Serikali ikitoza kodi kwa zote, inamtoza mwenye nyumba kwa kitu ambacho hakupata. Ndiyo maana nchi kadhaa zimewahi kuruhusu gharama ya ununuzi ipandishwe kwanza kulingana na mfumuko wa bei, kisha ndipo faida ihesabiwe. India ndiyo mfano ulio wazi zaidi, kwa sababu inafanya hivyo kwa jedwali la namba ambalo mtu yeyote anaweza kulisoma.

Jedwali hilo ni fahirisi ya mfumuko wa gharama. Mwaka wa fedha wa India huanza tarehe 1 Aprili na kwisha tarehe 31 Machi, na kila mwaka wa fedha una namba yake. Mwaka 2001-02 ulipewa 100. Mwaka 2004-05 una 113, mwaka 2012-13 una 200, na mwaka 2024-25 una 363. Unachukua gharama, unaizidisha kwa namba ya mwaka wa kuuza, kisha unagawanya kwa namba ya mwaka ambao fedha ilitoka mfukoni.

Nyumba yetu ilinunuliwa Januari 2005, kwa hiyo ni ya mwaka 2004-05. Rupia 1,000,000 mara 363 gawanya kwa 113 ni 3,212,389. Ghorofa ya juu ilijengwa katika mwaka 2012-13, kwa hiyo 600,000 mara 363 gawanya kwa 200 ni 1,089,000. Gharama iliyorekebishwa ni jumla ya hizo mbili, yaani 4,301,389. Faida inabaki 1,198,611, chini ya theluthi moja ya ile tuliyoanza nayo.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hujumlisha gharama zote kwanza, 1,600,000, kisha wakazizidisha zote kwa namba za mwaka wa ununuzi. Hesabu hiyo inaipa ghorofa ya 2012 miaka minane ya mfumuko ambayo haikuiishi, na inaikuza kutoka 600,000 hadi zaidi ya 1,900,000. Mkaguzi wa kodi huigundua mara moja, maana tarehe za risiti za fundi hazilingani na mwaka uliotumika. Kila gharama husafiri na mwaka wake. Asiye na risiti ya ujenzi hupoteza mara mbili: gharama yenyewe na marekebisho yake.

Nyumba iliyonunuliwa kabla ya Aprili 2001 haina namba yake kwenye jedwali hili. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuchukua thamani ya soko ya tarehe 1 Aprili 2001 kana kwamba ndiyo aliyoinunulia, kisha akaanzia kwenye 100.

Kwa miaka mingi faida hiyo iliyorekebishwa ilitozwa asilimia 20. Tarehe 23 Julai 2024, waziri wa fedha Nirmala Sitharaman alisoma bajeti iliyoondoa marekebisho hayo na kushusha kiwango hadi asilimia 12.5. Sababu iliyotolewa ni kurahisisha hesabu. Wenye nyumba za zamani walilalamika sana, na mwezi Agosti serikali ikalegeza: mkazi wa India aliyepata ardhi au jengo kabla ya tarehe hiyo anaruhusiwa kupiga hesabu kwa njia zote mbili na kulipa kodi iliyo ndogo.

Tuzipige basi, tukiweka kando tozo ndogo zinazoongezwa juu ya kodi. Kwa njia ya zamani, asilimia 20 ya 1,198,611 ni 239,722. Kwa njia mpya, asilimia 12.5 ya 3,900,000 ni 487,500. Kiwango kilichoonekana kidogo kimezaa kodi kubwa mara mbili.

Lakini nyumba hiyohiyo ingekuwa mtaa uliochangamka ikauzwa kwa 12,000,000, mambo yangegeuka: njia ya zamani ingetoa kodi ya 1,539,722, na mpya 1,300,000. Mpaka uko karibu na rupia 8,800,000. Chini ya hapo marekebisho ndiyo nafuu. Juu yake, kiwango kidogo. Na kama nyumba ingeuzwa kwa 4,000,000 tu, njia ya zamani ingeonyesha hasara, hivyo kodi isingekuwepo. Njia mpya ingedai 300,000 kutoka kwa mtu ambaye, kwa kipimo cha fahirisi ya serikali yenyewe, amepoteza.

Hapo ndipo ninapoona udhaifu wa kubadilisha marekebisho kwa kiwango kidogo. Nafuu inakwenda kwa aliyebahatika na mtaa uliopanda bei kupita mfumuko, na mzigo unabaki kwa ambaye nyumba yake ilitembea sambamba na bei ya unga na mafuta ya kula.

Hata hivyo fahirisi si kipimo kamili. Huwekwa kwa kuzingatia robo tatu tu ya ongezeko la bei za walaji mijini: bei zikipanda asilimia 8, namba inalengwa kupanda asilimia 6. Kwa hiyo sehemu ya mfumuko huendelea kutozwa kodi. Kwa upande mwingine, aliyenunua kwa mkopo anapata zaidi ya haki yake. Mfumuko unaoikuza gharama ya nyumba yake ndio pia unaoupunguza uzito wa deni lake, lakini hesabu ya kodi hupandisha gharama yote, hata ile iliyolipwa na benki. Huu ndio ukosoaji mzito zaidi dhidi ya marekebisho, na sijaona jedwali linaloujibu.

Jambo hili linawagusa pia watu wa pwani yetu. Ruhusa ya kuchagua ilitolewa kwa wakazi wa India peke yao. Raia wa India anayeishi Mombasa au Dar es Salaam na kuhesabiwa kuwa si mkazi, akiuza leo nyumba aliyoinunua Mumbai miaka ishirini iliyopita, hana njia ya zamani. Ni asilimia 12.5 ya tofauti yote.

Kwa majirani wenyewe, Uganda iliingiza marekebisho ya aina hii katika sheria yake ya kodi ya mapato mwaka 2021, ikitumia fahirisi ya bei za walaji, ila kwa mali isiyouzwa ndani ya miezi 12 ya kununuliwa. Kenya haina. Sheria yake inamruhusu muuzaji kutoa bei ya kununulia, gharama za kuendeleza mali na ada za wakili, zote kwa shilingi za siku zilipolipwa. Kodi ilipokuwa asilimia 5, kuanzia 2015, pengo hilo halikuumiza sana. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Tuseme kiwanja kilinunuliwa kwa shilingi 2,000,000, bei za vitu vyote zikaongezeka maradufu, nacho kikauzwa kwa 4,000,000. Muuzaji hawezi kununua zaidi ya alivyoweza siku ile ya kwanza, lakini anadaiwa kodi ya shilingi 300,000, na kadiri alivyokaa na kiwanja muda mrefu zaidi, ndivyo sehemu ya kodi yake inayotokana na mfumuko peke yake inavyokua.