Kisu Chini, Kiberiti Mfukoni

Abiria wengi huamini kwamba kitu kikikataliwa kwenye begi la mkononi, dawa yake ni kukihamishia kwenye begi la kupakiwa. Kwa kisu, imani hiyo ni sahihi. Kwa kiberiti cha gesi ni kinyume kabisa: begi la kupakiwa ndipo mahali ambapo hakitakiwi kuonekana hata kidogo. Sababu ni kwamba orodha tunayoiona imebandikwa ukutani uwanja wa ndege ni orodha mbili zilizounganishwa, na kila moja imeandikwa kwa hofu yake.

Hofu ya kwanza ni mtu. Kabla ya Septemba 2001, abiria wa ndege za Marekani aliruhusiwa kubeba kisu chenye ubapa usiofika inchi 4, yaani kama sentimita 10. Watekaji wa tarehe 11 mwezi huo walitumia visu vifupi na vile visu vya wembe vya kukatia maboksi, na tangu hapo dunia nzima ikabadili vipimo. Hofu hii inauliza swali moja tu: abiria aliyeketi kitini anaweza kukishika kitu hiki akamtishia mwenzake? Kama ndiyo, kiende chini, kwenye tumbo la ndege, ambako hakuna mkono wa kukifikia.

Hofu ya pili ni moto. Tarehe 11 Mei 1996, ndege ya ValuJet, safari namba 592, ilianguka Florida na kuua watu wote 110 waliokuwamo baada ya mitungi midogo ya kuzalisha oksijeni kuwasha moto kwenye shehena. Moto ukizuka kati ya viti, mtu atasikia harufu yake na mhudumu atakuja na kizima moto. Ukizuka chini, hakuna wa kuuona. Kilichopo huko ni gesi ya kuzimia moto inayopulizwa na rubani, na gesi hiyo ina kikomo chake. Kwa hiyo hofu hii inauliza swali la pili: kitu hiki kinaweza kuwaka kikiwa peke yake gizani? Kama ndiyo, kikae na mwenyewe, au kisisafiri kabisa.

Ukishayashika maswali hayo mawili, huhitaji kukariri orodha. Tumchukue fundi viyoyozi anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat kwa mkataba wa kazi. Kwa kuwa begi la kupakiwa limekaribia kuzidi kilo, vifaa vya kazi amevipanga kwenye begi la mgongoni: bisibisi tatu, kisu cha wembe, drili ya betri pamoja na betri moja ya akiba, kopo dogo la gesi ya kuchomelea mabomba, pafyumu ya kupuliza ya mililita 150, kopo la dawa ya mbu, na viberiti viwili vya gesi.

Kisu cha wembe hakina mjadala. Ni chini tu, na ukali wake ufungwe ili usimkate mkaguzi atakayeingiza mkono. Bisibisi zina mjadala kidogo. Viwanja vya Ulaya hupima chuma chake bila mpini, na kikizidi sentimita 6 hakipandi na abiria. Marekani hupima kifaa kizima, kuanzia ncha hadi mwisho wa mpini, na hukubali kisichozidi inchi 7, karibu sentimita 18. Bisibisi ile ile basi inaweza kupanda New York na kukataliwa Frankfurt. Fundi asihangaike na rula. Zote zishuke chini, maana popote pale afisa ana mamlaka ya kukataa hata kilicho ndani ya kipimo akiona kinaweza kugeuzwa silaha.

Drili ndiyo inayowachanganya hata wasafiri wazoefu. Mashine yenyewe na ncha zake ni vifaa vya kudhuru, hivyo ni chini. Betri yake ya akiba ni ya lithiamu, na lithiamu ikipata shoti huwaka kwa nguvu, hivyo ni juu. Yaani kifaa na betri yake vinaachana kaunta. Kipimo cha betri ni wati-saa, na kama hazikuandikwa, unazidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90, iko chini ya 100, inapita bila kuomba ruhusa. Ingekuwa ya ampea-saa 9, hesabu ingefika 162, na kikomo cha juu kabisa, hata kwa ruhusa ya shirika la ndege, ni 160. Betri hiyo ingebaki Dar. Inayopita ifunikwe ncha zake kwa selotepu au iwekwe kwenye mfuko wake peke yake, isigusane na funguo wala sarafu.

Kopo la gesi ya kuchomelea halisafiri, si juu wala si chini. Vivyo hivyo petroli ya viberiti na makopo ya kujazia gesi.

Sasa makopo ya kupuliza, ambayo nadhani ndiyo yanayojaza mapipa ya viwanja vyetu kuliko kitu kingine chochote. Kinachosukuma pafyumu au dawa kutoka kwenye kopo mara nyingi ni gesi ya jamii ile ile tunayopikia. Mwaka 2017 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilijaribu kuweka kopo la shampuu kavu ya kupuliza karibu na kompyuta mpakato ndani ya begi, kisha betri ya kompyuta ikapashwa moto makusudi. Moto ulishika mara moja, na kopo likalipuka ndani ya sekunde 40. Mlipuko wa namna hiyo ndio unaoweza kuishinda gesi ya kuzimia moto ya kule chini. Jaribio hilo ndilo linaloeleza kwa nini usipakie kompyuta na makopo pamoja.

Hata hivyo vitu vya kujipaka na kujipulizia mwilini vimepewa nafuu, kwa sababu bila nafuu hiyo nusu ya abiria wasingesafiri. Chini, kila kopo lisizidi mililita 500 na jumla ya makopo na chupa za aina hiyo kwa mtu mmoja isizidi lita 2, huku vifuniko vikiwa vimefungwa ili kitufe kisibonyee. Juu, kipimo cha kawaida ni mililita 100 kwa chombo, vyombo vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha. Kinachopimwa ni chombo, si kilichobaki ndani. Pafyumu ya fundi wetu, hata ikiwa imebaki robo, imeandikwa 150, iende chini. Dawa ya mbu ya kupuliza chumbani haina nafuu hiyo, kwa kuwa si ya mwili, na ikiwa kopo lina alama ya moto, halipakiwi popote. Ile ya kujipaka kwenye ngozi inahesabiwa pamoja na vipodozi.

Vimebaki viberiti. Kanuni ya kimataifa inaruhusu kimoja kidogo kwa mtu, nacho kikae mwilini, mfukoni mwa shati au suruali. Hakiwekwi kwenye begi lolote, kwa sababu kikivuja au kikijiwasha mfukoni mwenyewe atakuwa wa kwanza kujua. Cha pili anakiacha. Lakini nchi ina haki ya kukaza zaidi ya kanuni hiyo, na China imekaza: tangu 2008 kiberiti hakiruhusiwi kwenye ndege zake, si mfukoni wala kwenye begi. Wafanyabiashara wetu wanaorudi kutoka Guangzhou wanajua, wanavitupa kabla ya foleni. Marekani nayo ilivipiga marufuku 2005 ikavirudisha 2007, baada ya kuona maafisa wanapoteza muda mwingi kukusanya viberiti badala ya kutafuta mabomu.

Je, fundi asipojua haya yote na akaliweka begi lake kwenye mkanda? Kwenye kioo cha mashine, vyuma huonekana vya buluu na vikiwa vinene hugeuka vyeusi, wakati vyakula, nguo, plastiki na vimiminika huonekana vya rangi ya chungwa. Kisu kilicholala kwa upande kinaonekana kisu. Kikisimama kwa ukali wake huwa mstari mwembamba tu, na ndiyo maana mashine nyingi siku hizi hupiga picha za pande mbili. Anayetazama kioo hubadilishwa kila baada ya muda mfupi, Ulaya ni kama dakika 20, kwa sababu jicho huchoka na kuanza kupitisha. Mashine nyingine humtegea mtego: humwekea picha bandia ya kisu au bunduki ndani ya begi la kweli, kupima kama yuko macho. Kwa hiyo begi lako likisimama kidogo ndani ya mashine, si lazima liwe na neno.

Likivutwa pembeni, usiliguse. Afisa atakuuliza kwanza: "Kaka, hili begi ni lako? Umelipanga mwenyewe?" Jibu la kawaida linatosha, "Ndiyo, afande." Atalifungua mbele yako, atatoa kitu, kisha begi litapitishwa tena kwenye mashine. Mzaha wa bomu usiuthubutu; ni maneno yanayoweza kukupeleka polisi hata begi likiwa na kanga tupu.

Kwa kisu, bisibisi au pafyumu kubwa, hakuna kesi. Unapewa njia tatu za kuchagua: kurudi kaunta ukapakie, kumkabidhi ndugu aliyekusindikiza kama bado yuko nje, au kuacha. Njia ya kwanza inategemea saa. Kaunta nyingi za safari za kimataifa hufungwa saa moja kabla ya ndege kuruka, na begi lako kubwa limeshaondoka. Utalazimika kulipakia lile la mkononi, pengine kwa malipo. Dar es Salaam na Nairobi hukagua mizigo mapema, kabla hujafika kaunta, na hapo ndipo pa kuuliza. Ukiunganisha ndege Doha au Addis Ababa ukakaguliwa upya, njia zote mbili za mwanzo zimekufa.

Vipo vitu ambavyo havina njia hizo tatu. Kopo la pilipili la kujihami, ambalo dada wengi hubeba kwenye pochi, Uingereza kisheria linahesabiwa kama silaha iliyopigwa marufuku, na anayekutwa nalo huitiwa polisi. Risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa begi la kuwindia nayo ni ya polisi, karibu kila mahali.

Vilivyoachwa mezani havirudishwi, na usitegemee kupewa risiti. Vyenye gesi na moto huharibiwa kwa utaratibu wa takataka hatari. Visu na vifaa, Marekani, hukabidhiwa majimbo, na baadhi yao, Pennsylvania likiwamo, huviuza kwa mafungu kwenye mnada wa mtandaoni, ambako mafundi wengine huvinunua kwa bei ya kutupa.