Kutoka Mitihani ya Zamani hadi Sentensi ya Kwanza: Mfano wa Tauni ya Lushoto

Wauguzi na matabibu wanaojiandaa kwa mtihani hukusanya karatasi za miaka iliyopita, nao wengi huzipanga kwa majina ya magonjwa: malaria huku, kichomi kule. Mpangilio huo huwadanganya. Mtahini hubadilisha ugonjwa kila mwaka, lakini kazi anayomtaka mtahiniwa aifanye haibadiliki sana. Kwa hiyo orodha yenye faida ni ile inayopangwa kwa kazi.

Chukua karatasi tano au sita, kisha uweke moja kando bila kuisoma. Katika zilizobaki, andika mambo manne kwa kila swali: kitenzi kinachoamuru, hali ya mgonjwa, ngazi ya huduma iliyotajwa, na alama. Kitenzi na alama ndivyo vinavyopima urefu wa jibu. "Taja" kwa alama tatu hakuhitaji aya. "Eleza" kwa alama kumi kunaihitaji. Ukimaliza, maswali yaliyoonekana kuwa mengi yatajikusanya katika mada chache: kutofautisha magonjwa yanayofanana, hatua za kwanza kabla ya majibu ya maabara, rufaa na utoaji wa taarifa, na elimu kwa familia.

Sasa kila mada iandikiwe sentensi moja ya kufungulia aya. Mitihani ya vyuo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, lakini wazo likishakaa sawa kwa Kiswahili, kulihamisha si kazi kubwa. Sentensi hiyo ibebe uamuzi pamoja na sababu yake. "Ugonjwa huu ni hatari na huathiri jamii" haifai, kwa kuwa inaweza kufungua jibu la ugonjwa wowote. Ifute.

Tutazame swali la mfano. Mkulima wa kijiji kimoja cha Lushoto amefika zahanati akiwa na homa ya ghafla ya siku mbili na mtoki unaouma sana kinenani. Eleza hatua utakazochukua, kisha ueleze ushauri utakaoipa familia yake. Hapa mada ni mbili, na kila moja ina aya yake.

Aya ya kwanza yaweza kufunguliwa hivi: "Kwa kuwa homa ya ghafla pamoja na mtoki unaouma katika eneo lenye historia ya tauni huashiria ugonjwa unaoweza kuua kwa siku chache, nitachukua sampuli na kuanza dawa bila kungoja majibu." Baada ya hapo yanayofuata hujipanga yenyewe: dawa, kama vile jentamaisini au doksisaiklini kwa kufuata mwongozo wa tiba, kumtenga mgonjwa na kuvaa barakoa, hasa akikohoa, na kumjulisha mganga mkuu wa wilaya mara moja. Aliyekariri sentensi ya kidonda kilichooza, "nitaanza penisilini", atakosa alama hapa, na wodini atampoteza mgonjwa, kwa sababu penisilini haitibu tauni.

Aya ya pili: "Viroboto wadhibitiwe kabla ya kuua panya, kwa sababu panya akifa viroboto humwacha na kutafuta damu ya mtu." Mpangilio huo wa hatua ndio unaomwonyesha mtahini kwamba mtahiniwa ameelewa njia ya maambukizi. Nayo familia itapata ushauri inaoweza kuutekeleza: kutogusa panya waliokufa, kutoa taarifa wanapowaona wengi, na kwenda zahanati upesi homa inapompata yeyote nyumbani.

Ubora wa orodha hupimwa kwa ile karatasi iliyowekwa kando. Soma kila swali, chagua sentensi ya kulifungulia, kisha jiulize kama inajibu kitenzi au imegusa jina la ugonjwa tu. Ukijikuta unalipinda swali ili lifuate sentensi, tatizo liko kwenye sentensi.

Lakini kuhesabu marudio kuna mpaka wake. Mtihani hutungwa kwa nchi nzima, na idadi ya maswali hailingani na hatari ya mahali. Tauni ilizuka Lushoto mwaka 1980, ikarudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, na wagonjwa walioandikishwa wakapita 7,000. Orodha inayofuata marudio peke yake ingeweza kuliweka swali lile mwisho, au kuliacha kabisa. Kwa hiyo mwisho wa orodha ongeza safu ya magonjwa ya eneo lako, hata kama hayajawahi kutokea mtihanini, na kila moja liandikiwe sentensi yake. Mgonjwa anayeteremka kutoka vijiji vya Usambara hachagui ugonjwa kwa kuangalia karatasi za mwaka jana.